Udongo wa Suam Hauna Uraia: Rangi ya Barabara Kama Ushahidi wa Mahali

Kila mvua zinapochachamaa katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, picha za barabara zilizogeuka tope huanza kuzunguka kwenye simu. Lori limezama hadi ekseli, abiria wa matatu wamevua viatu, na pembeni ukingo mwekundu unatiririsha maji. Kisha ubishi unaanza. Mmoja anasema hapo ni Endebess, mwingine anaapa ni Kapchorwa ng'ambo ya mpaka, wa tatu anasema ni Kapsokwony na kumtaja mbunge anayestahili lawama. Mara nyingi hoja ya kila mmoja ni moja: rangi ya udongo. Huyu anaujua wekundu wa kwao, na yule naye anaujua wekundu wa kwao.

Ubishi huo si wa kupuuzwa. Picha ya barabara siku hizi hutumika kudai fedha zilizoliwa, kushtaki mkandarasi, kukanusha kauli ya serikali, na hata kuonyesha mahali ambapo uhalifu ulitendeka. Akikosea anayeitambua, lawama inaangukia kaunti nyingine au nchi nyingine. Kwa hiyo inafaa kuuliza kwa makini: barabara na udongo wa kando yake vinaweza kutuambia nini hasa kuhusu mahali, na haviwezi kutuambia nini? Eneo la Suam, pale mpaka wa Kenya na Uganda unapoupasua mlima Elgon, ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hii, kwa sababu pana karibu kila kitu kinachowachanganya watu: udongo wa volkeno, udongo wa miamba ya kale, mabonde ya tope jeusi, moramu, lami mpya, na mpaka unaopita juu ya mlima mmoja.

Wekundu unatoka wapi

Rangi nyekundu ya udongo ni chuma kilichoshika kutu. Mwamba unapooza kwa joto na mvua kwa muda mrefu, chokaa, potasiamu na sehemu kubwa ya silika huyeyuka na kuondoka na maji. Chuma hakiondoki kirahisi. Hubaki kikaungana na oksijeni, na mahali palipo na joto na maji yanayopita bila kutuama, hujenga madini yaitwayo hematiti. Hematiti ina nguvu kubwa ya kupaka. Sehemu chache tu katika mia moja zinatosha kuufanya udongo wote uwe mwekundu. Mahali penye baridi au unyevu zaidi, chuma hicho hicho hujenga gethaiti, ambayo ni ya manjano au kahawia. Na mahali maji yanapotuama kwa miezi, hewa hukosekana, chuma hurudi katika hali inayoyeyuka na kusombwa, udongo ukabaki wa kijivu, mara nyingi ukiwa na madoadoa ya kutu pale mizizi ilipopitisha hewa kidogo. Juu ya haya yote mboji hutia weusi.

Ukiyaelewa hayo utaona kwamba rangi ni taarifa kuhusu mwamba, joto, muda na mwendo wa maji. Jina la kaunti halimo ndani yake. Utaona pia kwamba mahali pamoja panaweza kuwa na rangi tatu ndani ya mwendo wa dakika tano kwa miguu. Katika mashamba yanayozunguka Kitale, mgongo wa kilima huwa mwekundu, ubavu wake huwa kahawia unaoelekea manjano, na bondeni kwenye kinamasi, kama vile vinavyolisha mbuga ndogo ya Saiwa, udongo huwa mweusi juu na wa kijivu chini. Barabara inayokata bonde hilo hupita katika rangi zote tatu. Anayepiga picha darajani na anayepiga picha juu ya kilima wanaleta ushahidi tofauti wa mahali pale pale.

Wanaoiamini rangi

Msimamo wa kwanza unasema kwamba anayeujua udongo vizuri anaweza kutaja mahali kwa kuutazama tu. Nguvu yake ni kwamba rangi inafaa sana kwa kuondoa uwezekano. Mtaa wa Goma uliokaa juu ya lava za Nyiragongo, volkeno iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021, una vumbi jeusi la kijivu na mawe makali yenye vitundu. Hakuna atakayeuchanganya na Kitale. Njia ya mwambao iliyopita juu ya mawe ya matumbawe, Lamu au Unguja, hung'aa kwa weupe juani. Vilevile mji wenye vichochoro vilivyotandikwa mawe ya kuchonga, kama mitaa mingi ya makazi ya Kigali, unatofautiana na miji ya magharibi mwa Kenya, ambako eneo la maegesho au kituo cha magari likitandikwa huwa ni kwa matofali ya saruji, yale tunayoyaita kabro. Katika mambo haya makubwa jicho linatosha.

Udhaifu wake unajitokeza mara tu swali linapokuwa la karibu zaidi. Udongo mwekundu wenye kina kirefu uliotokana na volkeno haupatikani Elgon pekee. Uko Kiambu na Murang'a, uko miteremko ya Kilimanjaro na Meru, uko Karatu kwenye nyanda za juu za Ngorongoro. Tsavo nayo ni nyekundu kiasi cha kuwapaka tembo, ingawa ni tambarare kavu ya miiba. Anayesema "udongo huu ni wa kwetu" kwa kawaida anasema kweli kwamba wa kwao unafanana na huu. Hajathibitisha kwamba wa kwingine haufanani nao, na hapo ndipo hoja yake inapokatika.

Wanaoikataa rangi

Msimamo wa pili ni wa wale waliochoshwa na ubishi huo, wanaosema rangi katika picha haina thamani yoyote. Wana sababu nzito. Kamera ya simu hujirekebishia rangi yenyewe. Ikiona wekundu umejaa fremu, huupunguza, na picha mbili za ukingo mmoja zikatofautiana. Jua la jioni hutia wekundu kila kitu. Udongo ukilowa hugeuka mweusi zaidi. Katika kitabu cha rangi cha Munsell, ambacho wataalamu wa udongo hukitumia shambani, donge lile lile likiloweshwa huweza kushuka daraja moja au mbili za mwangaza, na ndiyo maana mpimaji hupaswa kuandika kama alilisoma likiwa bichi au kavu. Kuongezea hapo, watu huzitia picha rangi kali kabla ya kuzituma.

Hata hivyo, hoja hizi zinaonyesha ugumu wa kusoma rangi. Hazionyeshi kwamba haisomeki. Kwanza, ndani ya picha nyingi kuna kitu chenye rangi inayojulikana: bamba jeupe la mbele la gari, mstari wa barabarani, gunia la mahindi, saruji ya kalavati. Ikiwa kitu hicho kimeelekea wekundu, basi udongo nao umeongezewa wekundu, na unaweza kukisia kwa kiasi gani. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, udongo una sifa ambazo kamera haiwezi kuzibadilisha. Kamera inaweza kuufanya wekundu uwe kahawia, lakini haiwezi kuuwekea udongo laini changarawe zisizokuwapo, wala kuziba nyufa, wala kubadilisha namna ukingo unavyomomonyoka. Mwenye kuikataa rangi kabisa anatupa pamoja nayo umbile, na umbile ndilo shahidi mwaminifu.

Barabara na ukingo ni mashahidi wawili

Kosa kubwa la pande zote mbili liko hapa: wanautazama uso wa barabara na kuuita udongo wa mahali. Uso wa barabara ya moramu umeletwa. Moramu ni changarawe ya kokwa za chuma zilizogandamana ardhini, zenye rangi ya kutu, kahawia iliyoiva au hata zambarau, zikishikwa na udongo mfinyanzi. Huchimbwa kwenye shimo lililo karibu kadiri inavyowezekana, kwa sababu gharama kubwa iko kwenye kuibeba, hupakiwa kwenye lori, humwagwa kwa mafungu, greda likatandaza na shindilio likafuata. Tabaka la kawaida lililoshindiliwa ni la milimita 150 hivi. Shimo likiwa kilomita 10 au 20 kutoka hapo, rangi unayoiona chini ya magurudumu ni ya shimo hilo.

Tabaka hilo halidumu. Magari husaga vile vipande, kiangazi upepo hupeperusha vumbi linalozishika kokwa, masika maji husomba kilichobaki. Barabara iliyotoka tu kupigwa greda huwa na rangi kali na mwili mmoja. Miezi michache baadaye kokwa zimebaki zikiteleza juu, rangi imefifia kuwa kahawia ya kijivu, na mikunjo kama ya bati imejipanga kukatiza njia. Miaka ikipita bila kurudishiwa moramu, udongo wa asili huchomoza katikati ya nyayo za magurudumu. Ukiona ndani ya picha moja rangi mbili, ya pembeni yenye kokwa na ya katikati laini isiyo na jiwe, basi unatazama barabara ambayo moramu yake imekwisha, na ya katikati ndiyo ya mahali.

Kwa hiyo panapostahili kutazamwa kwanza ni ukingo uliokatwa, yaani ule ukuta wa ardhi unaobaki pale tingatinga lilipoupasua mteremko. Hapo udongo haujasafirishwa, na tabaka zake zinaonekana kwa mpangilio. Baada yake hufuata mtaro uliozibuliwa karibuni, ambao taka zake zimelundikwa kando. Kisha kuna mashahidi wadogo ambao wabishi wengi huwaruka. Kuta za nyumba za udongo hukandikwa kwa udongo uliochimbwa uani au hatua chache kutoka hapo. Hakuna anayekodi lori kuleta udongo wa kukandikia. Chini ya ukuta wowote, hata wa mabati, matone ya mvua hurusha tope na kuacha doa lenye rangi ya udongo wa pale. Kichuguu nacho ni kipimo kizuri, kwa kuwa mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini, na hivyo kichuguu huonyesha rangi ya tabaka la chini hata pale ambapo mboji imeufanya uso wa shamba kuwa mweusi.

Shahidi wa kuogopwa ni tofali la kuchoma. Moto wa tanuri huigeuza gethaiti kuwa hematiti, kwa hiyo udongo wa kahawia au manjano hutoa matofali mekundu. Mtu anayeona tanuri na nyumba za matofali mekundu akasema hapo pana udongo mwekundu amedanganywa na moto. Shimo lililochimbwa udongo wa matofali, ambalo mara nyingi liko hatua chache tu kutoka kwenye tanuri, ndilo litakalosema kweli.

Kutoka Kitale hadi Suam, na upande wa Bungoma

Sasa tuipitie njia yenyewe. Kitale imekaa kwenye uwanda wa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mwamba ulio chini ya sehemu kubwa ya uwanda huo ni wa kale sana, wa jamii ya nisi. Udongo wake ni mwekundu unaoelekea kahawia, umechoka kwa umri, na kwenye kingo zilizokatwa huonekana ukiwa umevurugika kwa ulaini, bila vipande vyenye umbo. Mara nyingi chini yake hukutana na utando wa kokwa za moramu. Utando huo ukionekana kama mshipi wa kutu katikati ya ukingo, ni alama nzuri ya uwanda, kwa sababu hujengeka pale maji ya ardhini yanapopanda na kushuka msimu hadi msimu katika ardhi iliyo karibu tambarare.

Ukielekea Endebess unaukaribia mguu wa Elgon, volkeno iliyozimika ambayo kilele chake cha Wagagai, upande wa Uganda, kina mita 4,321. Hapa mwamba mama unabadilika na ukingo nao unabadilika. Wekundu unakuwa mzito zaidi, unaokaribia damu ya mzee. Udongo una kina kirefu na rangi karibu ile ile kutoka chini ya mboji hadi chini ya mtaro. Hauna mshipi wa kokwa. Ukivunjika hutoa vipande vidogo vyenye pembe na nyuso zinazong'aa kidogo, kwa sababu chembe laini za mfinyanzi zimezipaka. Ukingo wa udongo huu husimama wima bila kumeguka hovyo, na meno ya tingatinga huweza kubaki yakionekana juu yake. Wataalamu huuita nitisoli, na ndio huo huo wa miteremko ya Kiambu na Murang'a, jambo linalotukumbusha kwamba tumetambua aina ya mlima, bado hatujataja mlima wenyewe.

Barabara isiyo na moramu juu ya udongo huo hutoa tope la namna yake: linateleza kama sabuni, halina jiwe, na magurudumu hukata mifereji mirefu yenye kuta laini. Kipande cha kutoka Endebess hadi Suam kilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Juu zaidi, kuelekea msitu na lango la mbuga ya Mlima Elgon, baridi na majani yanayooza huufanya udongo wa juu uwe mweusi, na wekundu huonekana tu pale palipokatwa.

Ukishuka kuufuata mto Suam kwenda kaskazini, kuelekea Kacheliba katika Pokot Magharibi, mambo hugeuka kwa haraka. Mto huu hutoka Elgon, hufanya sehemu ya mpaka, kisha huendelea kama Turkwel hadi Ziwa Turkana. Mvua hupungua kadiri unavyoshuka, mboji hupotea, mchanga huongezeka, rangi huwa nyekundu iliyopauka, na migunga huchukua mahali pa mahindi. Picha yenye ardhi iliyopauka na yenye mchanga iliyoandikwa "Suam" inaweza kuwa ya mto Suam kweli, lakini si ya kituo cha mpakani.

Bungoma ina sura mbili, na kuichukulia kama kitu kimoja ni chanzo cha makosa mengi. Kaskazini yake, kuanzia Kimilili kupanda Kapsokwony na Cheptais, ni mlima ule ule wenye wekundu ule ule. Kusini, kuelekea mashamba ya miwa ya Nzoia na mji wa Bungoma, mwamba ulio chini sehemu nyingi ni graniti na jamii zake, na graniti inapooza huacha chembe za kwatzi. Udongo huwa na kichanga, kahawia au kahawia ya kijivu, na moramu iko karibu sana na uso wa ardhi. Barabara ya udongo huko haitelezi kama ya mlimani. Huchimbwa na maji kuwa korongo, na mchanga mweupe hulala kwenye mitaro baada ya mvua. Mchanga huo uliochujwa mtaroni ni alama ambayo kamera haiwezi kuibuni, na katika wekundu wa volkeno hauonekani kwa wingi, kwa sababu mwamba wa Elgon hauna kwatzi ya kuumwaga.

Picha moja ikichambuliwa

Tuchukue picha ya mfano: barabara nyembamba ya tope jekundu imekata mteremko, ukingo wa kimo cha mtu uko kushoto, mahindi juu ya ukingo, pikipiki imelala kando, na nyuma kuna nyumba ya udongo yenye paa la bati. Maelezo yaliyoambatanishwa yanasema: "Barabara kuu ya Kitale–Suam leo asubuhi."

Kwanza, rangi. Bati la paa limeonekana la kijivu bila kuelekea wekundu, basi rangi haijapotoshwa sana. Pili, ukingo. Ni mwekundu mzito kutoka juu hadi chini, hauna mshipi wa kokwa, umesimama wima. Hii inaondoa uwanda wa Kitale kwa sehemu kubwa, inaondoa Bungoma ya kusini, inaondoa Kacheliba. Tatu, ukuta wa nyumba na doa la tope chini yake vina rangi ile ile ya ukingo, kwa hiyo wekundu haukuletwa na lori. Nne, tope la barabarani halina kokwa wala mchanga mtaroni. Tuko kwenye mguu wa volkeno, na kwa mahindi yale na ubichi ule hatuko mahali pakavu.

Hapo ndipo uwezo wa udongo unapokoma. Picha hii inaweza kuwa ya juu ya Endebess, inaweza kuwa ya Kapsokwony, inaweza kuwa ya Bukwo upande wa Uganda. Kama tusingekuwa na maelezo, ingeweza hata kuwa ya kati mwa Kenya. Udongo umetupunguzia uwanja kutoka Afrika Mashariki nzima hadi aina moja ya miteremko, na hiyo ni kazi kubwa, lakini hauwezi kuvuka zaidi ya hapo.

Cha kutuvusha ni kitu kingine kabisa. Bamba la pikipiki likisomeka, herufi ya kwanza inatosha kueleza ilikosajiliwa: K ni Kenya, U ni Uganda. Hata hilo lina kasoro zake mpakani, kwa kuwa bodaboda na malori huvuka kila siku. Magari matatu yenye herufi moja yana uzito kuliko moja. Rangi za kampuni ya simu kwenye duka, jina la shule kwenye kibao, sare za wanafunzi, vyote hivyo vina uraia. Lakini lugha na sura ya nyumba havitoshi hapa, maana Wasabaot wa Kenya na Wasabiny wa Uganda ni ndugu wa mlima mmoja na hujenga na kulima kwa namna zinazofanana.

Uso wa barabara husema wakati

Maelezo ya picha yetu yalidai pia jambo la pili: barabara kuu, leo asubuhi. Hapa ndipo uso wa barabara, tuliouweka kando kwa habari ya mahali, unapopata kazi yake halisi. Mwaka 2017 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa kuunganisha Kapchorwa, Suam, Kitale na barabara ya kuuzunguka mji wa Eldoret. Upande wa Uganda ulikuwa kilomita 73 kutoka Kapchorwa kupitia Bukwo hadi Suam, na upande wa Kenya kilomita 45 kutoka Suam kupitia Endebess hadi Kitale. Kabla ya kazi hiyo, kipande cha mpakani kilikuwa udongo na moramu pande zote mbili. Baada yake barabara kuu ni ya lami, yenye upana wa kupishana malori na mitaro iliyojengwa.

Basi picha ya tope jekundu kwenye njia nyembamba isiyo na lami haiwezi kuwa ya barabara kuu ya Kitale–Suam asubuhi ya leo. Ama ni ya zamani, ama ni ya njia ya ndani inayoingia vijijini. Katika picha kama hizi swali la wakati mara nyingi hujibika kwa uhakika zaidi kuliko swali la mahali, na ajabu ni kwamba wabishi huliuliza mwisho, au hawaliulizi kabisa.

Pana pingamizi la haki hapa. Barabara mpya nayo hupata wekundu: tope hutiririka kutoka kwenye kingo mbichi ambazo nyasi hazijazishika, na malori ya mashamba hubeba udongo kwenye matairi hadi lami ikafunikwa. Je, hatuwezi kuichukulia lami iliyofunikwa kuwa ni njia ya udongo? Tunaweza, tukitazama katikati tu. Tukitazama pembeni hatuwezi. Lami ina ukingo ulionyooka, bega lenye upana usiobadilika, vizuizi vya chuma kwenye kona, na kalavati zenye vichwa vya saruji. Njia ya udongo hupanuka na kusinyaa kadiri madereva wanavyoyakwepa mashimo. Na tope lililolala juu ya lami ni jembamba. Magurudumu yakipita huacha mistari myeusi, hayazami.

Pingamizi la pili ni kwamba uchambuzi wa namna hii unahitaji picha safi na mtu mwenye ujuzi, na wananchi wengi hawana vyote viwili. Ni kweli kwa upande wa kutaja aina ya udongo. Si kweli kwa upande wa kukanusha. Mkulima wa Webuye anajua bila kitabu kwamba mtaro wa kwao huachia mchanga, na mkazi wa Endebess anajua kwamba tope lake halina jiwe. Wanachokosa ni utaratibu tu: kutazama ukingo kabla ya barabara, ukuta kabla ya tanuri, pembeni kabla ya katikati.

Uzito wa kila ushahidi

Nikiipima misimamo yote miwili, wa kuiamini rangi na wa kuikataa, naona kila mmoja umeuliza udongo swali lisilo lake. Ule wa kwanza umeutaka ujibu "ni wapi", wa pili umekata tamaa kwa sababu haukujibu. Udongo wa ukingo hujibu vizuri swali la "si wapi": si uwanda, si graniti, si nyanda kavu. Uso wa barabara hujibu "si lini". Nchi, kaunti na kijiji hujibiwa na vitu vilivyoandikwa au kusajiliwa na watu. Madai yoyote yanayotaja mahali kwa rangi peke yake, hata yakitoka kwa mwenyeji, yachukuliwe kuwa ni dhana. Yanayokataa mahali kwa umbile la ukingo yanaweza kuwa thabiti kiasi cha kusimama mbele ya hakimu.

Kwa hiyo anayepiga picha ili kuonyesha barabara mbovu, iwe ni Cheptais au Bukwo, asiishie kwenye tope. Apige na ukingo uliokatwa kwa karibu, akiweka kalamu au sarafu kuonyesha ukubwa wa chembe, apige mtaro, apige kibao cha shule au duka lililo karibu, na aandike tarehe. Picha nne za namna hiyo zitamnyima mkandarasi na mbunge nafasi ya kusema kwamba hapo ni kwingine.